Muhtasari ulisema "ilikubaliwa": nani alikubali jiwe lipasuliwe?

"Shikamoo mama. Ninafanya kazi ofisi ya washauri hapa Mwanza na ndiye ninayeandika mihtasari ya vikao vya saiti. Tunajenga loji ya ghorofa mbili Nyegezi. Kikao cha 6 Machi tulijadili jiwe kubwa lililojitokeza kwenye msingi, nikaandika: 'Ilikubaliwa kuwa mkandarasi apasue jiwe haraka iwezekanavyo.' Mafundi walianza kesho yake. Muhtasari niliutuma 17 Machi kwa mteja, mkandarasi na washauri wote. Hakuna aliyejibu wala kusaini. Sasa mkandarasi anadai mita za ujazo 18 za kupasua mwamba na wiki tatu za nyongeza, akinukuu mstari ule. Mteja anasema hakukubali hata shilingi. Msanifu ananitazama mimi. Je, muhtasari usiosainiwa unambana mteja? Na mstari ule niurekebishe vipi?"

Marahaba, mwanangu. Nianze na hilo la mwisho kwa sababu ndilo la haraka: usiufungue ule muhtasari ukabadilisha hata neno moja. Nakala ziko kwenye simu na barua pepe za watu wote. Zikipatikana karatasi mbili zenye tarehe moja na maneno tofauti, hakuna atakayeamini tena mihtasari yako, hata sehemu zisizo na ubishi. Muhtasari uliokwisha kusambazwa husahihishwa kwenye kikao kinachofuata, kwenye ajenda ya kuthibitisha muhtasari uliopita, mbele ya wajumbe wale wale, na masahihisho yenyewe yanaandikwa kwenye muhtasari mpya. Ule wa zamani unabaki na kosa lake.

Sasa saini. Wengi wanadhani muhtasari usiosainiwa ni karatasi tupu, na mteja wako inaelekea ndiye atakayelishika hilo. Si kweli. Mgogoro ukifika kwa msuluhishi atauliza nani aliandika, uliwafikia akina nani na lini, na waliopokea walifanya nini baada ya kuusoma. Kama mteja aliupokea 17 Machi, akapita saiti siku mbili baadaye akakuta nyundo zinalia juu ya jiwe, akaangalia akaondoka, basi ukimya wake una uzito. Lakini mkandarasi naye asifurahi mapema. Mafundi wake walianza kupasua 7 Machi, siku kumi kabla muhtasari haujamfikia mtu yeyote. Hawezi kusema alianza kazi kwa kutegemea maandishi ambayo hayakuwapo. Alianza kwa maneno yaliyosemwa kikaoni, kwa hiyo tunapaswa kuuliza nani aliyasema maneno hayo na kama alikuwa na mamlaka ya kuyasema.

Hapo ndipo mstari wako unapotuangusha. "Ilikubaliwa" haina mtu ndani yake. Kikao cha saiti hakipigi kura. Kina watu wenye mamlaka tofauti kwa mujibu wa mkataba, na mamlaka hayo hayachanganyiki kwa sababu wamekaa kwenye benchi moja chini ya turubai. Mhandisi wa miundo anaweza kusema jiwe litoke au libaki. Mkadiriaji majenzi anaweza kusema litapimwaje na litalipwa kwa bei ipi. Msanifu, kama ndiye msimamizi wa mkataba, ndiye anayetoa agizo. Mteja analipa, lakini akimwambia mkandarasi moja kwa moja "pasua tu", hilo si agizo la mkataba mpaka lipite kwa msimamizi. Mkandarasi anapokea agizo na kutoa notisi kama anaona litamgharimu muda au fedha. Mstari wako umewafunga wote hao kwenye fungu moja, na sasa kila mmoja anachomoa kijiti kinachomfaa.

Muhtasari na agizo ni vitu viwili. Mikataba ya ujenzi tunayoitumia hapa nchini, iwe ile ya Baraza la Taifa la Ujenzi au ya FIDIC, shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri, inataka maagizo yawe ya maandishi, na inatambua kwamba saiti watu huagizana kwa mdomo, hivyo inaweka njia ya kuliokoa agizo la mdomo. Kwenye kitabu chekundu cha FIDIC cha 1999, kwa mfano, mkandarasi akipewa agizo la mdomo na mhandisi, ambaye humo ndiye msimamizi wa mkataba, anatakiwa kulithibitisha kwa barua ndani ya siku 2 za kazi. Mhandisi naye asipolikataa au kutoa agizo lake ndani ya siku 2 za kazi tangu apokee barua hiyo, ile barua yenyewe inageuka kuwa agizo. Mikataba mingine ina siku zake. Fungua kifungu cha maagizo kwenye mkataba wenu uone idadi, kisha uliza swali moja: kati ya 6 Machi na mwisho wa muda huo, mkandarasi aliandika chochote? Barua, barua pepe, hata maandishi kwenye kitabu cha maagizo kilichoko ofisi ya saiti? Kama aliandika na msanifu akanyamaza, madai yake yana miguu. Kama hakuandika, anabaki kuning'inia kwenye muhtasari wako peke yake.

Je, muhtasari wenyewe unaweza kuhesabiwa kuwa agizo? Wakati mwingine ndiyo, na sitakuficha. Ukitoka ofisi ya yule yule mwenye mamlaka ya kutoa maagizo, ukamwelekeza mkandarasi kazi ya kufanya, na ukatumwa kwake rasmi, wanasheria watakuwa na la kubishania na hoja ya mkandarasi si ya kutupwa. Ndiyo maana mimi hutaka mihtasari yetu iwe na sentensi isemayo kwamba muhtasari huu si agizo chini ya mkataba, na agizo lolote litatolewa kwa fomu yake. Angalia kama fomu ya ofisi yenu inayo. Kama haipo, msanifu ajue mapema kwamba upande huo uko wazi.

Halafu kuna la fedha, na hapa mteja wako naye kajipumbaza. Anasema hakukubali hata shilingi. Lakini huenda alikwisha kukubali siku aliposaini mkataba. Fungua BOQ, ile orodha ya kazi, vipimo na bei iliyomo kwenye mkataba, nenda sehemu ya uchimbaji. Kwa Mwanza ni nadra mkadiriaji kusahau kuweka kipengele cha ziada ya kuchimba kwenye mwamba, kwa kila mita ya ujazo, mara nyingi kikiwa na kiasi cha kukisia. Kama kipo na jiwe lilikuwapo kweli, mkandarasi analipwa kwa bei hiyo kwa kiasi kitakachopimwa, mteja apende asipende, na neno "ilikubaliwa" halina kazi hapo. Kama hakipo, na mkataba ni wa bei moja iliyofungwa huku hatari ya ardhi ikiwa imewekwa kwa mkandarasi, mambo yanageuka. Soma pia maelezo ya mwanzo ya BOQ uone mwamba umefafanuliwaje. Kwa kawaida jiwe ambalo ekskaveta inaweza kuling'oa na kulisukuma pembeni halihesabiwi kuwa mwamba, hata likiwa kubwa kama meza.

Tuje kwenye zile mita za ujazo 18, maana nikiiona namba hiyo naisikia tipa. Tipa ndogo inayobeba mita za ujazo 3, ikienda safari sita, inakupa 18 kamili. Nakisia mkandarasi amehesabu mawe yaliyokwisha kupasuliwa na kupakiwa. Jiwe likivunjwa linavimba, kwa sababu vipande havikai tena kama vilivyokuwa. Kwa mwamba mgumu kama wetu wa graniti, rundo hufika mara moja na nusu ya ujazo wa jiwe zima, au hata zaidi. Kwa hiyo rundo la 18 lilitoka kwenye jiwe la kama 12 lilipokuwa ardhini. Tuseme lilikuwa na urefu wa mita 4, upana wa mita 2 na kina cha mita 1.5: hiyo ni 12 kamili.

Bado hatujamaliza. Uchimbaji hupimwa kwa ukubwa wa shimo lililoko kwenye mchoro, bila kuvimba na bila kuzidisha. Kama mtaro wa msingi ni wa upana wa mita 1.2, sehemu ya jiwe iliyokuwa ndani ya mtaro ni 4 × 1.2 × 1.5, yaani mita za ujazo 7.2. Sasa unazo namba tatu kwa jiwe moja: 18 ya mkandarasi, 12 ya jiwe zima na 7.2 ya mchoro. Tofauti kati ya 12 na 7.2 ina hoja ya haki upande wa mkandarasi, kwa sababu jiwe la namna hiyo huwezi kulikata kama mkate kwenye mstari wa mtaro. Mara nyingi linatoka lote au halitoki. Mhandisi angeagiza "litolewe lote", basi 12 ingekuwa na msingi. Hakuna aliyeandika hivyo. Tofauti kati ya 12 na 18 ni hewa iliyo katikati ya mawe, na hewa hailipwi.

Na mawe yenyewe yalikwenda wapi? Mwanza mawe ni mali. Kama yalirudi kwenye kuta za msingi wa loji hiyo hiyo, na BOQ ina bei ya mawe ya kununua, mteja ana haki ya kuuliza kama analipa kupasuliwa jiwe lake kisha anauziwa tena.

Jambo hili lote lingeisha kwa watu wawili na futi ya kupimia, asubuhi ya 7 Machi, kabla nyundo ya kwanza haijashuka. Mkadiriaji au mtu wake, na mtu wa mkandarasi, wanasafisha udongo juu ya jiwe, wanapima, wanachora kwenye karatasi, wanasaini wote wawili, wanapiga picha futi ikiwa imelazwa juu ya jiwe. Jiwe likishapasuliwa, kipimo hakirudi. Kinachobaki ni kukusanya dalili: picha za simu za mafundi, shajara ya saiti, risiti za tipa. Kama shimo lilizidi mtaro likajazwa zege la kujazia, hesabu ya mifuko ya saruji siku hiyo itakuonyesha lilizidi kwa kiasi gani. Fanya hivyo wiki hii, watu wakiwa bado wanakumbuka.

Kuna jingine linalonisumbua zaidi ya fedha. Muhtasari hausemi kwa nini jiwe lilipasuliwa. Vilima vyetu vimejaa mawe ya aina mbili ambayo kwa juu yanafanana: mwamba wa chini uliochomoza, na jiwe lililolala peke yake juu ya udongo. Kama ni mwamba wa chini, pengine nguzo ingekalishwa juu yake baada ya kusawazisha, na gharama isingekuwapo kabisa, ila mhandisi angehakikisha nguzo za jirani nazo zinafika mahali pagumu vile vile. Jengo likikaa nusu kwenye mwamba na nusu kwenye udongo, upande wa udongo unashuka na ukuta unapasuka katikati. Kama ni jiwe lililolala, kuliacha chini ya nguzo ni hatari, maana hujui linakalia nini. Hujulikana kwa kuchimba pembeni yake mpaka chini na kuona kama lina mwisho. Mhandisi wa miundo alifanya hivyo? Alikuwapo kikaoni? Uamuzi huo ni wa kwake, na ulipaswa kuonekana kwa cheo chake.

Kama ningeuandika mimi, na tuseme kikaoni mambo yalikwenda inavyopaswa, kifungu kile kingekuwa hivi:

"4.2 Jiwe kwenye msingi, mstari C kati ya nguzo C2 na C4. Mkandarasi alieleza kuwa jiwe lilionekana 5 Machi. Mhandisi wa miundo alilikagua saiti wakati wa kikao, pembeni pakiwa pamechimbwa, akasema limelala juu ya udongo na liondolewe lote hadi kina cha msingi kilichoko kwenye mchoro. Mkadiriaji na mkandarasi watalipima pamoja kabla ya kupasua. Wahusika: mkadiriaji na mkandarasi, 7 Machi saa 3 asubuhi. Msanifu atatoa agizo la maandishi. Mhusika: msanifu, 7 Machi kabla ya saa 10 jioni. Mkandarasi hatapasua kabla ya kupokea agizo. Mkadiriaji alieleza kuwa malipo yatafuata bei ya kipengele cha mwamba kwenye BOQ kwa ujazo utakaopimwa. Mteja aliomba makadirio ya gharama. Mkadiriaji atayatuma 8 Machi. Mkandarasi alisema kazi hii itamchelewesha. Hakuna nyongeza ya muda iliyojadiliwa wala kukubaliwa. Atawasilisha notisi kwa mujibu wa mkataba."

Ni kirefu kuliko chako, nakubali. Si kila kifungu kinahitaji urefu huu. Taarifa kwamba choo cha mafundi kimehamishwa inatosha mstari mmoja. Lakini panapoguswa fedha, muda au usalama wa jengo, andika nani alisema, nani atafanya, na lini. "Haraka iwezekanavyo" haina tarehe. Ukilisikia kikaoni, nyanyua mkono uulize "tarehe ngapi?" kabla watu hawajahama. Wataguna, halafu watataja tarehe. Na angalia ile sentensi ya mwisho: kuandika kwamba jambo fulani halikukubaliwa ni kazi halali ya mwandishi, na ndiyo ingekuokoa leo.

Wiki tatu za nyongeza zitapimwa kwa kitu kingine kabisa. Swali la kwanza ni kama mkandarasi alitoa notisi kwa wakati. Kwenye ile FIDIC ya 1999 ana siku 28 tangu alipolijua jambo, au alipopaswa kulijua, na akipitwa hapo anapoteza muda na fedha. Swali la pili ni kama jiwe moja kwenye mstari mmoja wa msingi lilisimamisha jengo zima au mafundi walikuwa wakiendelea na mistari mingine. Uliza pia mvua. Machi ndiyo masika yanaanza, na kama mitaro ilijaa maji siku zile zile, siku za mvua na siku za jiwe zinatenganishwa kwenye shajara kabla ya kujumlishwa. Ila tuwe wakweli: kama itaonekana mkandarasi alikaa akisubiri agizo na msanifu hakulitoa, siku hizo zinaangukia upande wa mteja.

Siku kumi na moja za kutuma muhtasari ni nyingi mno. Kwa kikao cha kila wiki mbili, unafika wakati kikao kingine kinagonga mlango. Lenga siku mbili. Mimi huandika vifungu vyenye mhusika na tarehe pale pale, navisoma kwa sauti kabla ya kufunga kikao, na hiyo husahihisha zaidi ya barua pepe yoyote. Tuma kwa barua pepe kwa anwani zilizotajwa kwenye mkataba. Kundi la WhatsApp ni la kukumbushana tu, kwa sababu humo muhtasari unazama chini ya picha za zege ndani ya saa moja. Mwishoni weka sentensi: "Mwenye pingamizi au sahihisho alilete kwa maandishi ndani ya siku 3 tangu kupokea, lisipoletwa, muhtasari utachukuliwa kuwa sahihi na utathibitishwa kikao kijacho." Sentensi hiyo haibadilishi mkataba. Inachofanya ni kumwondolea mtu nafasi ya kusema miezi miwili baadaye kwamba hakuwahi kuona. Na kikao kinachofuata msiruke uthibitisho, hata mteja akiwa na haraka ya kuwahi kivuko.

Kwa sasa, usimjibu mkandarasi wewe, na usimweleze mteja kwa simu ulichokimaanisha. Mpelekee msanifu faili moja: muhtasari kama ulivyo, barua pepe ya 17 Machi na orodha ya waliopokea, daftari lako la kikao hata kama limejaa mikwaruzo, shajara ya saiti kuanzia siku jiwe lilipoonekana, picha zenye tarehe, kifungu cha maagizo, na ukurasa wa BOQ wa uchimbaji. Msanifu na mkadiriaji wakae na mkandarasi mezani wapime upya kwa dalili zilizopo. Jiwe moja mara nyingi huishia hapo. Mhandisi wa miundo arudi saiti mwenyewe, kabla udongo haujarudishwa kwenye mitaro, aone nguzo za mahali pale penye jiwe zimekalia nini. Hilo halifanyiki kwa picha.

Ikiwa mkandarasi amekwisha toa notisi rasmi ya mgogoro, amesimamisha kazi, au mteja anatishia kuvunja mkataba, mihtasari haitoshi tena. Tafuteni mwanasheria anayejua mikataba ya ujenzi akae nanyi na mkataba mezani, au muulizie huduma ya usuluhishi ya Baraza la Taifa la Ujenzi. Huko utaitwa wewe kama shahidi, na utaulizwa kuhusu daftari lile la mikwaruzo, kwa hiyo usilinakili upya likapendeza.